Nyuzi za Pimakwanza

Mume wangu ni mchafu. Naanza na hilo mapema, asije mtu akasema nilimfichia. Hanywi, hagombani na watu, hanuni bila sababu, na kitu kilichokufa kikipita mikononi mwake mara nyingi kinarudi kikiwa hai. Lakini mchafu, jamani! Kucha zake zina weusi ambao nimeusugua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia, na weusi ukabaki pale pale. Shati lake likitoka kazini nalishika kwa vidole viwili.

Mtaani wanamwita Pimakwanza. Kazi yake ni vyombo vidogo vya umeme: redio, spika, rauta za intaneti, na zaidi ya yote adapta, yale mabonge meusi unayochomeka ukutani ili upande wa pili chombo kipate umeme wake mdogo. Watu wanapoteza adapta kama wanavyopoteza vifuniko vya kalamu. Wanakuja kwake na chombo bila adapta, au adapta bila chombo, na yeye anavioanisha.

Chumba chake cha kazi ni hatua tano kwa tatu, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Ukiingia unapokewa na harufu: risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, vumbi lililopata moto, na kitu cha tatu ambacho sikuwahi kukijua ni nini na sitaki kujua. Chini ya meza kulikuwa na boksi kubwa la adapta za zamani, mia na ushee. Hizo zimetoka kila mahali. Nyingine zilikaa nyuma ya majiko ya watu miaka na miaka, zimevaa mafuta na nywele. Moja niliishika nikataka kuiweka chini, ikagoma kutoka kwenye kiganja. Na nyingine kadhaa, karibu na kichwa cha kuchomekea, zilikuwa na kiuzi kimefungwa, cheusi kwa jasho na grisi, kigumu kama unyayo wa bata. Sasa mtu mzima na akili zake, uzi mchafu vile unaufunga wa nini? Sikuuliza. Niliona kinyaa, basi.

Na wateja wake nao! Kinyozi, jirani mwema kabisa mtu yule, alikuwa akitaka kujua kama adapta ina umeme anailamba kichwa. Analamba! Kitu kilichotoka sakafuni, kimekanyagwa, kina nywele za vichwa vya watu ishirini, anakitia ulimini halafu anakukabidhi: "Shemeji, hii bado ina moto." Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Kinyozi huyo huyo alikuja siku moja amekasirika, rauta kwapani. Kila mlango ukifungwa kwa nguvu intaneti inakatika, inazima, inawaka tena. Ameshapigia simu kampuni, ametukana, ametukanwa. Mume wangu alichukua kile kichwa cha adapta akakichomeka, akakitikisa kwa kidole kimoja. Taa za rauta zikazima, zikawaka.

"Hiki si chako," akasema.

"Mbona kimeingia?"

"Kuingia kimeingia. Nje vichwa hivi viko sawa, milimita tano na nusu. Ndani ndiko kuna maneno. Rauta yako ina kipini cha mbili nukta moja. Kichwa hiki tundu lake ni mbili na nusu. Kinapwaya. Kingekuwa kinyume, tundu dogo na kipini kinene, kisingeingia hata ungesukuma na goti."

Akamtafutia kingine, kikaingia kwa kukaza, akapiga meza ngumi, rauta haikutikisika. Kinyozi akaondoka anacheka. Mimi nilikuwa pale nimeleta chakula, nikasikia, na somo hilo la ukubwa likaniingia vizuri.

Somo la pili ndilo nililoliacha lipite. Nalo nililisikia mara mia, maana kila mteja anasomewa kabla hajapewa kitu. "Usiniambie volti peke yake. Volti ziwe sawa, ampea za adapta zisipungue zile chombo kinazotaka, kichwa kikae, halafu uniambie katikati ni nini. Vyombo vingi, tundu la katikati linaleta chanya na nje hasi. Vingine vimegeuzwa, hasi iko katikati. Kwa macho vichwa hivyo ni mapacha. Ukikosea hapo, chombo kinakufa." Kisha anachukua mita yake, waya mwekundu ndani ya tundu, mweusi nje, anaangalia namba. Pima kwanza. Mimi nikisikia sauti hiyo ninaanza kuwaza nipike nini.

Sasa nimtaje baba yangu, maana ndiye aliyeangukiwa na yote.

Baba alikuwa mnadi. Miaka thelathini amesimama sokoni anauza ng'ombe, makochi, magunia, na sauti yake ilikuwa inafika kwetu nyumbani kabla yake. Halafu koo likaota uvimbe. Wakamkata, wakamponya, wakambakishia mnong'ono. Ukikaa mbali naye hatua mbili humsikii. Mtu aliyekuwa anaita watu mia tano, leo akitaka chumvi lazima agonge sahani na kijiko.

Hospitali walimpa kispika kidogo cha kuvaa kiunoni, na kimaikrofoni kinachokaa mbele ya midomo. Ndani kina kadi yake ya kuinua mnong'ono na kukata ule mvumo wa pumzi. Betri yake ilikufa zamani na ya aina hiyo haipatikani, kwa hiyo kinafanya kazi kikiwa kwenye waya tu, adapta ya volti kumi na mbili. Mume wangu amekifungua mara mbili akakirudisha kazini. Sauti inayotoka si ya baba, ni ya baba akiwa ndani ya debe, lakini ni maneno yake, na wajukuu wanamwelewa.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi ile. Harusi ya nyumbani, sebuleni na uani kwa baba, viti vya kukodi, hakuna muziki mkubwa. Baba mdogo, mdogo wake baba, alishajitolea kusema kwa niaba ya familia, na alishaandika karatasi nne. Baba mdogo akishika neno haliachii. Baba akamwita, akawasha kispika chake, akamwambia: "Binti ni wangu. Nitasema mwenyewe." Baba mdogo akakunja karatasi zake, ila hakuzitupa.

Jumatano ya wiki hiyo mume wangu alipata kazi ya kufunga rauta kwenye zahanati, kazi ya siku mbili. Akaniachia ufunguo, kwa kuwa kuna mteja angepita kuchukua redio. Nikafungua mlango. Nikasimama. Panya alikuwa amefia nyuma ya boksi, si leo wala jana, na mafunza yameshafika kwenye sherehe.

Nikasema hapana. Leo hapana.

Nilikwenda nyumbani nikarudi na ndoo mbili, brashi, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, chupa ya spiriti na mkasi. Nilimtoa panya nikiwa nimefumba macho na pua. Nikaosha sakafu, maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu yakawa kijivu. Halafu nikaingia kwenye boksi. Adapta moja baada ya nyingine, kitambaa na spiriti. Karatasi za maelezo zilizobandikwa mgongoni zilikuwa zimeoza nusu, zinanata, nikazisugua kwa chuma zikatoka zote. Namba za volti zilibaki, kwa sababu mume wangu amezichora ubavuni kwa ncha ya chuma chake cha moto cha kulehemu: tisa, kumi na mbili, tano. Na vile viuzi nikavikata. Nilivihesabu kwa hasira tu: kumi na saba. Nikavitia kwenye mfuko pamoja na panya, nikafunga fundo, nikatupa.

Nikazipanga adapta rafuni kwa namba, waya zimekunjwa, zinang'aa. Kinyozi akachungulia akasema, "Shemeji, hapa sasa mtu anaweza kulala." Nilijisikia raha, sikufichi. Nilijisikia kama nimemzaa upya mume wangu.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, baba akaja. Alikuwa ameshika kispika chake na adapta yake, na uso umemshuka. Akanisogelea sikioni: "Imekataa."

Niliitikisa ile adapta, ikachakacha. Kwenye ufa wa ubavuni ukatoka mguu. Mguu wa mende! Walizaliana humo ndani, kwenye joto, wakaungua humo humo, ikaungua nayo. Niliitupa nikafuta mkono kwenye gauni mara tatu.

"Usihangaike baba," nikamwambia. "Hapa adapta zimejaa. Kaa."

Ningeweza kumpigia simu mume wangu. Simu ilikuwa mfukoni. Sikupiga, kwa sababu nilijiona fundi. Mita yake alikuwa nayo kwenye begi huko zahanati, lakini nilisema mita ya nini, mimi nimeona mambo haya mara ngapi? Nikageuza kispika. Volti kumi na mbili, ampea moja. Pembeni ya tundu kulikuwa na kimchoro: kinukta katikati, kimezungukwa na duara lisilofunga, kistari kutoka kwenye kinukta kwenda kwenye alama ya kujumlisha, na kingine kutoka kwenye duara kwenda kwenye alama ya kutoa. Miaka mitatu nakiona kimchoro kile. Nilidhani ni nembo ya waliotengeneza.

Nikachukua ya kwanza rafuni, yenye kumi na mbili. Haikuingia. Tundu dogo, nikajua. Ya pili ikaingia ikapwaya kama ile ya kinyozi. Nikamwambia baba kwa maringo, "Hii ina mbili na nusu, haifai, ingekuwa inakukata maneno." Baba akatikisa kichwa, amefurahi binti yake anajua kazi. Ya tatu ikaingia kwa kukaza, tii. Nikaitikisa, imekaa. Ilikuwa safi, ilinukia spiriti.

"Hiyo ndiyo," nikasema, nikachomeka ukutani.

Kitu kikalia ndani ya kispika, pa! Si kwa nguvu, kama mtu amevunja kijiti. Halafu kikatoka kiuzi cha moshi kwenye vitundu vya sauti, na harufu ya samaki na plastiki. Baba alikuwa tayari amekishika kimaikrofoni mbele ya midomo. Aliendelea kukishika. Midomo yake ilikuwa inasema jina langu na mimi sikusikia kitu.

Nilimrudisha nyumbani kwake. Hakunilaumu, na hata angenilaumu nisingejua. Nikarudi pale kazini nikakaa kwenye kiti kisafi, kwenye sakafu safi, nikajichukia.

Mume wangu alirudi mchana. Alisimama mlangoni, pua juu. Hakuona rafu, hakuona sakafu.

"Nini kimeungua?"

Nikamwonyesha. Hakwenda kwenye kispika, alikwenda kwenye adapta. Aliishika kwa mkono wa kushoto, na kwa vidole vya kulia akaufuata waya polepole mpaka mwisho, karibu na kichwa. Akarudi nyuma kidogo, akapapasa tena pale pale, kama anayetafuta pete yake.

"Uzi wake uko wapi?"

"Uzi upi?"

"Hii ilikuwa na uzi."

"Nilivikata vyote," nikasema. "Vilikuwa vinanuka."

Alikaa chini. Akatoa mita, waya mwekundu ndani ya tundu, mweusi nje, akanigeuzia kioo nione. Kumi na mbili, na mbele yake kistari cha kutoa.

"Zenye uzi ni zile zilizogeuzwa," akasema. "Hasi katikati. Nazipima siku zinapoingia, nafunga. Nikiwa chini ya meza sioni kitu, lakini kidole kinaona."

"Si ungeandika, wewe bwana!"

"Iliandikwa. Kwenye karatasi za mgongoni."

Zile nilizozisugua kwa chuma. Ningependa angepiga kelele. Mtu mchafu akikupigia kelele unapata la kumjibu. Yeye alivuta kispika, akakifungua, na tukaona: kapasita moja imepasuka kichwa, imemwaga maji yake ya rangi ya nyongo, na pembeni chipu ya kupandisha sauti ina shimo dogo lenye majivu. Waliotengeneza hawakuweka hata kadiodi kamoja ka kuzuia umeme ukija kinyume. Ka bei ya pipi! Na chipu yenyewe wameikwangua namba, asiweze fundi kuijua na kuitafuta nyingine. Hao nao ni wachafu, na wachafu wa aina hiyo hawaoshwi kwa spiriti.

Alifanya kazi Alhamisi iliyobaki na Ijumaa yote. Kapasita aliibadilisha. Chipu alijaribu tatu, hakuna iliyokubali. Akamjaribishia baba spika nyingine, moja baada ya moja, na maikrofoni za kawaida. Zilitoa upepo na mluzi, neno hakuna. Ijumaa jioni baba alimshika mkono, akamwashiria basi. Mume wangu alikaa pale, mkono wake mweusi ndani ya mkono wa baba, na machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa mlangoni.

 Usiku huo alizimwaga adapta zote kitandani, kwenye shuka langu jeupe, akawa anapima, na kila yenye kistari cha kutoa ananisogezea. Nilikata uzi mweusi, nikafunga. Kumi na saba.

Jumamosi watu walijaa, sebule na uani. Muda wa wazazi kusema ulipofika, baba mdogo alisimama, karatasi zikatoka mfukoni. Baba akagonga meza. Akaninyooshea kidole mimi. Mimi! Nikasogea, nikainamisha sikio kwenye midomo yake, na nikaelewa anachotaka. Akinong'ona sentensi, niiseme kwa sauti, kama ilivyo. Baba mdogo akakaa kama aliyenyang'anywa sahani.

"Naongea kwa mdomo wa binti yangu mkubwa," nikasema, "kwa sababu yeye ndiye aliyeichoma sauti yangu."

Watu wakacheka. Nilitaka ardhi ipasuke. Baba akavuta pumzi, akaendelea.

"Kijana aliyemwoa huyu alipokuja kuposa, nilimkataa mara mbili. Nilisema, kucha gani zile, binti yangu ataumwa."  Hilo sikuwahi kulijua. Baba alinibana mkono. "Miaka mitatu wajukuu zangu wamenisikia. Walinisikia kwa sababu ya kucha zile."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa uani, amevaa shati nililolipiga pasi, mikono ameificha mfukoni. Watu walio mbele walikuwa wamegeuka wanamtazama. Yeye alikuwa amenyoosha shingo, mkono mmoja ukatoka ukaenda nyuma ya sikio.

Baba akamgeukia bibi harusi, akanong'ona tena, na mimi nikasema: "Mwanangu, ukikuta kwa mumeo kitu kichafu kimefungwa uzi, usikate. Muulize kwanza."

Nilimaliza. Nikadhani ndiyo mwisho, nikanyanyuka. Baba akanivuta gauni nikainama tena. Alikuwa anaangalia kule nyuma, kwenye ukuta, jicho la mnadi aliyezoea kuona mpaka mtu wa mwisho sokoni.

"Ile ya kucha," akaninong'oneza. "Irudie. Wa nyuma hajasikia."

Nikairudia.